Barafu Ilipofika Ikweta, Shahidi Alikuwa Tope Jekundu

Ukimwuliza mtu anayefuatilia habari hizi kwa nini wanasayansi wanadai Dunia nzima iliwahi kufunikwa na barafu, mara nyingi atakujibu hivi: kwa sababu mabaki ya barafu ya kale yamekutwa karibu na ikweta. Jibu hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe iliichelewesha hoja hii kwa miongo kadhaa. Mabara yanahama. Mwamba ulioko leo penye joto kali unaweza kuwa ulizaliwa jirani na ncha ya kusini, ukasafirishwa polepole hadi hapo ulipo.

Mfano uko wazi. Kusini mwa Afrika kuna mashapo ya barafu yanayoitwa Dwyka, yenye umri wa miaka milioni 300 hivi, na India kuna mashapo ya enzi hiyo hiyo. Hakuna mtaalamu anayesema kwamba ikweta iliganda wakati ule. Nchi hizo zilikuwa zimeungana katika bara moja kubwa lililokaa kusini kabisa mwa Dunia, na barafu yake ilikuwa barafu ya ncha kama ilivyo Antaktika leo. Mvumbuzi na mwanajiolojia Douglas Mawson aliingia mtego huu akiwa Australia Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1940, alipoona mashapo ya barafu yamesambaa hadi maeneo yasiyo na baridi, alidai kwamba barafu hiyo ilikuwa ya Dunia nzima. Lakini alikuwa ameyachukulia mabara kama vitu visivyosogea. Ilipokubaliwa kwamba yanahama, hoja yake ikabaki bila mguu wa kusimamia, hata kama hitimisho lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko alivyoweza kuthibitisha.

Kwa hiyo swali la maana ni mahali mwamba ulipokuwa siku ulipoumbwa. Mahali ulipo leo hapatuambii kitu. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya mabishano kuhusu dhana hii ya Dunia iliyogeuka donge la theluji yangepungua kama watu wangetenganisha maswali matatu. Je, ni barafu kweli iliyoleta mawe haya, tena ikiwa usawa wa bahari? Je, ilikuwa ikweta? Na kama ilikuwa ikweta, je, ilikuwa kila mahali? Maswali mawili ya kwanza yamejibiwa vizuri na miamba yenyewe. La tatu limejibiwa zaidi na fizikia, na hapo ndipo tunapotakiwa kuwa waangalifu.

Tuanze na barafu. Mto wa barafu ukitembea juu ya nchi hubeba kila kitu bila kuchagua: kifusi, kokoto, mawe makubwa kama nyumba, na unga wa mwamba uliosagwa. Ukiyeyuka huacha mchanganyiko huo papo hapo. Maji yanayotiririka hufanya kinyume, hupanga mzigo wake, mawe mazito yakitua kwanza na tope likienda mbali. Basi mwamba wenye mawe ya kila ukubwa yaliyotapakaa ndani ya tope gumu unatufanya tushuku kwamba ni kazi ya barafu. Ni kushuku tu, kwa sababu maporomoko ya tope chini ya bahari nayo huacha mchanganyiko unaofanana sana na huo. Katika miaka ya 1970 mwanajiolojia Schermerhorn aliishikilia hoja hiyo kwa nguvu, na alikuwa na haki. Miamba kadhaa iliyokuwa ikiitwa ya barafu imebainika kuwa maporomoko.

Kinachovunja shaka ni jiwe la kudondoka. Hebu lichunguze kwa karibu. Una tope lililotulia chini ya bahari, limejipanga katika tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu, kila moja milimita moja au mbili. Katikati ya kurasa hizo kuna jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu. Kurasa zilizo chini yake zimebonyea, nyingine zimetoboka. Kurasa zilizo juu yake hazijatoboka hata moja, zimelifunika taratibu kama shuka. Jiwe hilo halikusukumwa kutoka pembeni, kwa sababu mkondo wenye nguvu ya kulisukuma ungeyafagia matope yote. Lilitoka juu. Katika bahari ya zama ambazo hapakuwa na miti ya kuelea wala wanyama wakubwa wa kubeba kitu, kilichoweza kulibeba hadi kwenye maji ya kina na kuliachia ni kipande cha barafu kilichokuwa kikiyeyuka. Miamba ya Ghaub, kaskazini mwa Namibia, ina mawe ya namna hii kwa wingi.

Namibia inatusaidia na jambo la pili. Msomaji makini ataniuliza: si hata leo kuna barafu kwenye ikweta, juu ya milima mirefu ya Afrika na Andes? Ipo, lakini iko maelfu ya mita juu ya usawa wa bahari, na inahitaji urefu huo ili iishi. Barafu ya Ghaub ilikaa juu ya jukwaa la mawe ya chokaa yaliyojengwa ndani ya bahari ya kina kifupi. Mawe mengi yaliyomo katika mashapo yake ni vipande vya chokaa hiyo hiyo vilivyong'olewa na barafu ilipopita. Hakuna mlima hapo. Tena chokaa ya aina hiyo hujengeka kwa wingi katika bahari zenye joto, nayo iko chini ya mashapo ya barafu na pia juu yake. Mwanajiolojia Mwingereza Brian Harland aliona jambo kama hilo huko Svalbard na Greenland, na mwaka 1964 akaandika kwamba barafu ya zama hizo ilifika nchi za joto. Alikuwa na vipimo vya sumaku pia, ila sayansi ya sumaku ya miamba ilikuwa bado changa, na wengi hawakuviamini.

Sasa tufike kwenye tope jekundu.

Katika milima ya Flinders, Australia Kusini, kuna miamba inayoitwa Elatina. Ni mashapo ya barafu ya miaka milioni 640 hivi, na ndani yake kuna sehemu yenye tope laini na mchanga mwembamba wa rangi ya kutu. Rangi hiyo hutokana na hematiti, ambayo ni oksidi ya chuma. Chembe zake zinapotua majini, au zinapoundwa muda mfupi baada ya tope kutua, hujipanga kufuata sumaku ya Dunia kama sindano ndogo za dira. Tope likigeuka jiwe, sindano hizo hufungwa humo.

Sindano ya dira tunayoijua huelekea kaskazini tu kwa sababu imewekwa ilale. Ukiiachia huru iinuke na kuinama, utaona kwamba karibu na ikweta inalala sambamba na ardhi, na kadiri unavyokwenda kwenye ncha ndivyo inavyozidi kuinama, hadi kwenye ncha yenyewe inasimama wima. Uhusiano kati ya mwinamo huo, I, na latitudo, λ, ni huu:

tan I = 2 tan λ

Tuchukue sampuli ambayo sindano zake zina mwinamo wa nyuzi 12. Tanjiti ya 12 ni 0.213. Gawa kwa mbili, unapata 0.106, ambayo ni tanjiti ya nyuzi 6. Tope hilo lilitua nyuzi 6 kutoka ikweta. Lakini milima ya Flinders leo iko nyuzi 31 hivi kusini. Sumaku ya Dunia ikihesabiwa kwa wastani wa muda mrefu, tope linalotua pale siku hizi lingetakiwa kuwa na mwinamo wa nyuzi 50. Tofauti kati ya 12 na 50 haiwezi kuitwa kosa la chombo. Na vipimo vya Elatina, kila vilivyorudiwa, vimeangukia kwenye miinamo midogo ya namna hiyo, inayoliweka eneo lile ndani ya nyuzi 10 hivi za ikweta.

Hata hivyo kuna njia kadhaa ambazo sindano hizo zinaweza kutudanganya, na mtu asiyezijua hana sababu ya kuamini matokeo. Ya kwanza ni uzito. Tope linapokandamizwa na mashapo yaliyo juu yake, sindano hulazwa zaidi ya zilivyokuwa, na mwamba uliotokea mbali na ikweta huonekana kama ulikuwa karibu. Hili linaweza kukadiriwa. Tuseme ukandamizaji umepunguza tanjiti ya mwinamo hadi asilimia 60 ya thamani yake halisi, ambayo ni hasara kubwa. Nyuzi zetu 12 zingekuwa zimetoka kwenye nyuzi 19 na nusu, na latitudo ingepanda kutoka 6 hadi 10. Bado uko ikweta. Ili ufike kwenye baridi ya kawaida ungehitaji ukandamizaji ambao tope lile halionyeshi dalili zake.

Ya pili ni mbaya zaidi. Mwamba unaweza kupata sumaku mpya mamilioni ya miaka baada ya kuzaliwa, ukipashwa moto au maji yenye madini yakipita ndani yake. Sindano zitakuwa zinasema kweli kabisa, ila zinasimulia siku nyingine. Mwaka 1986 watafiti Embleton na Williams walipochapisha vipimo vya Elatina vinavyoonyesha ikweta, Joseph Kirschvink wa Taasisi ya Teknolojia ya Kalifonia alilishuku jambo hili hili. Badala ya kubishana, alitafuta njia ya kupima, akishirikiana na mwanafunzi wake Dawn Sumner.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Chukua mkeka, uuchore mishale yote ikielekea upande mmoja, kisha uukunje. Mishale sasa inatazama huku na huku. Ukiukunjua, inakubaliana tena. Lakini kama mishale ilichorwa mkeka ukiwa tayari umekunjwa, ukiukunjua ndipo itakapovurugika. Tope la Elatina lina mikunjo midogo iliyotokea lilipoteleza likiwa bado laini, kabla halijawa jiwe. Walipopima mwelekeo wa sumaku pande zote za mkunjo, kisha wakaukunjua kwa hesabu, mishale ilikubaliana. Maana yake ni kwamba sumaku iliingia kabla ya mkunjo, na mkunjo ulitokea tope likiwa bichi. Watafiti wa Australia walikirudia kipimo hicho na kukichapisha mwaka 1991. Mwaka 1999 Linda Sohl na wenzake wakaongeza kingine: walikuta ndani ya Elatina tabaka zenye sumaku iliyogeuka, kaskazini ikiwa kusini, zikifuatana kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu. Mwamba uliopata sumaku upya kwa mpigo mmoja haungekuwa na mpangilio huo.

Ndiyo maana nasema shahidi mkuu ni tope. Mawe ya kudondoka yanatuambia barafu ilikuwepo. Tope ndilo linalotuambia ilikuwa wapi.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na Williams mwenyewe ndiye aliyeufungua. Alisema huenda Dunia ya wakati ule ilikuwa imelala ubavu, mhimili wake ukiwa umeinama zaidi ya nyuzi 54, na sasa umeinama 23 na nusu. Dunia iliyolala hivyo hupata jua zaidi kwenye ncha kuliko ikweta kwa hesabu ya mwaka mzima, kwa hiyo ikweta ingeganda huku ncha zikiwa na joto, na pasingehitajika kuigandisha sayari yote. Ni wazo la kijasiri. Lakini Dunia ya namna hiyo ingepaswa kuwa na majangwa yake mahali tofauti na yalipo kwenye Dunia ya leo. Mwaka 2006 David Evans alikusanya vipimo vya sumaku vya mashapo ya chumvi ya kale, yale yanayobaki maji ya bahari yakikauka, akaona kwamba kwa karibu miaka bilioni mbili yamekuwa yakijipanga kwenye mikanda ya ukame ile ile tunayoijua, pande mbili za ikweta. Mhimili haukulala. Na faida nyingine ya kazi ile ni kwamba ilionyesha sumaku ya Dunia ilikuwa na umbo lile lile ambalo kanuni yetu ya hapo juu inalitegemea.

Basi barafu ilifika baharini kwenye ikweta. Ninaiandika sentensi hii bila kuiwekea tahadhari, kwa sababu nadhani imestahili. Swali la tatu ndilo gumu.

Hakuna mwamba unaoweza kuonyesha kwamba bahari yote iliganda, kwa kuwa sakafu ya bahari ya zama zile karibu yote imeshazama na kuyeyuka ndani ya Dunia. Tulicho nacho ni kingo za mabara. Kutoka kwenye kingo hizo kwenda kwenye bahari nzima tunavuka kwa daraja la fizikia, na daraja hilo lilijengwa na mtaalamu wa hali ya hewa wa Urusi ya Kisovieti, Mikhail Budyko, mwaka 1969. Bahari iliyo wazi ni nyeusi ukiitazama kutoka juu, hurudisha angani chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wa jua. Theluji mbichi hurudisha hadi sehemu nane au tisa kati ya kumi. Barafu ikipanuka, Dunia inapoteza joto, na barafu inapanuka zaidi. Budyko alipohesabu aliona kwamba mambo huweza kutulia mradi barafu imebaki kwenye latitudo za juu. Ikivuka latitudo ya 30 hivi, haisimami tena.

Ukitaka kuona kwa nini namba hiyo inatisha, kumbuka kwamba eneo lililo kati ya nyuzi 30 kaskazini na nyuzi 30 kusini ni nusu kamili ya uso wa Dunia, na ni nusu inayopokea jua kali kuliko nyingine. Barafu ikianza kuila nusu hiyo, kila kilomita inayofunikwa inaondoa joto jingi kuliko ile iliyotangulia. Mwisho wake ni sayari nyeupe.

Budyko hakuamini kwamba jambo hilo liliwahi kutokea, kwa sababu sayari nyeupe haiwezi kuyeyuka yenyewe. Jibu lilitolewa na Kirschvink katika andiko fupi la mwaka 1992, ndimo pia alimotumia jina la donge la theluji. Volkano hazigandi. Zinaendelea kutoa hewa ya ukaa. Siku za kawaida hewa hiyo huondolewa na mvua, ambayo huwa na asidi kidogo, huyamomonyoa mawe ya mabara, na kuipeleka baharini ambako huishia kuwa chokaa. Nchi ikiwa chini ya barafu na mvua ikiwa imekoma, hakuna kinachoiondoa. Inarundikana angani kwa mamilioni ya miaka hadi joto linalonaswa linashinda weupe wa barafu. Makadirio ya mwanzo yalitaka kiwango cha mamia ya mara kuliko cha leo.

Sasa barafu ikianza kuyeyuka ikweta, mchezo unageuka: bahari nyeusi inafunguka, inanyonya jua, na kuyeyuka kunaharakishwa. Unabaki na Dunia isiyo na barafu lakini yenye hewa ya ukaa iliyorundikana kupita kiasi, joto kali na mvua za asidi zinazopiga unga wa mawe uliosagwa upya. Chokaa lazima imiminike baharini. Na ndivyo ilivyo kwenye miamba. Juu ya Elatina kuna tabaka la dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, ya rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo, liitwalo Nuccaleena. Juu ya Ghaub kuna tabaka kama hilo. Yapo pia China, Kanada, Brazili na kwingineko, yakikaa juu ya mashapo ya barafu kama kifuniko, bila udongo wa mpito katikati. Wanajiolojia walishalijua tabaka hili kwa miaka mingi na lilikuwa likiwasumbua: jiwe la bahari yenye joto limewezaje kulalia mashapo ya barafu moja kwa moja? Paul Hoffman, Daniel Schrag na wenzao walipochapisha kazi yao ya Namibia mwaka 1998, nguvu yake ilikuwa hapo. Fumbo la zamani lilikuwa limegeuka kuwa jambo ambalo nadharia inalidai.

Wapo wanaosema kwamba barafu ingeweza kufika ikweta kwenye mabara huku mkanda wa bahari ukibaki wazi, Dunia ikiwa rojorojo ya theluji na si donge. Wana hoja nzuri. Lazima mwani na viumbe wengine wanaohitaji mwanga walinusurika, na katika mashapo ya barafu ya Nantuo, kusini mwa China, kumekutwa mabaki ya mwani unaoonekana kwa macho. Na Elatina hiyo hiyo ina kitu cha kushangaza. Tope lake limejipanga kwa mafungu yanayonenepa na kukonda kwa zamu. Williams kwanza alidhani ni mizunguko ya madoa ya jua. Baadaye alijirekebisha mwenyewe, jambo linalonifanya nimheshimu, akaonyesha kwamba ni kupwa na kujaa kwa bahari: mafungu manene ni ya bamvua, membamba ni ya maji mafu. Kwa kuyahesabu alipata mwaka wenye siku 400 hivi, kila siku ikiwa na saa karibu 22. Bahari iliyokuwa ikipwa na kujaa hivyo pwani ya ikweta haikuwa imefungwa na barafu, angalau kwa muda ule.

Siyapuuzi hayo, lakini hayanipeleki kwenye rojorojo. Mafungu ya bamvua yanaweza kuwa ya kipindi ambacho barafu ilikuwa ikirudi nyuma, na mwani unahitaji nyufa na mabwawa tu, hauhitaji bahari nzima. Kinachonielemea upande wa donge ni muda. Zama hizo zilikuwa na barafu kuu mbili. Ya kwanza ilianza miaka milioni 717 iliyopita na ikadumu takriban miaka milioni 57. Ya pili, ndiyo ya Elatina na Ghaub, iliisha miaka milioni 635 iliyopita, na majivu ya volkano yaliyopimwa Namibia na China yanatoa umri huo kwa tofauti isiyozidi miaka milioni moja hivi. Dunia ya rojorojo haina sababu ya kusubiri hivyo. Bahari yake wazi inaendelea kutoa mvukizo, mvua inanyesha, na ongezeko dogo la hewa ya ukaa linatosha kuirudisha barafu nyuma. Miaka milioni 57 ya barafu, kisha mwisho wa ghafla unaoonekana mabara tofauti kwa pamoja, ni tabia ya kitu kilichojifunga na kuhitaji nguvu kubwa kufunguliwa.

Hapo hapo ndipo ninapokutana na tatizo ambalo sijaliona likijibiwa kwa kuridhisha. Nadharia inadai barafu iliyeyuka haraka, kwa maelfu ya miaka, na kwamba dolomiti ya kifuniko ilitua bahari ilipokuwa ikipanda. Mwaka 2003 Trindade na wenzake walipima sumaku ya kifuniko kama hicho kiitwacho Puga, huko Brazili. Walipata latitudo ndogo, kama ilivyotarajiwa. Lakini walipata pia sumaku iliyogeuka kaskazini-kusini zaidi ya mara moja ndani ya mita chache za mwamba. Kila mgeuko huchukua maelfu ya miaka, na kati ya mgeuko na mgeuko kwa kawaida hupita miaka mingi zaidi, hata mamia ya maelfu. Kifuniko kilichotua kwa haraka hakina nafasi ya kuweka migeuko hiyo. Ama sumaku ya Dunia wakati ule ilikuwa ikigeuka mara nyingi isivyo kawaida, ama chembe za Puga zilipata sumaku yake baadaye kidogo, ama kuyeyuka kulichukua muda mrefu kuliko tunavyoandika. Tukiziamini sindano za Elatina kuhusu mahali, hatuwezi kuzikataa za Puga kuhusu muda kwa sababu tu zinatusumbua. Itabidi vifuniko hivyo vikatwe sentimita kwa sentimita, bara kwa bara, na kupimwa kwa ukali ule ule ambao Kirschvink na Sumner waliutumia kwenye tope jekundu.